Wasilisho la takwimu au la safari moja? Ulinganisho kwa timu za wanafunzi zinazoingia kwenye shindano la biashara

Mashindano mengi ya biashara ya wanafunzi huomba kitu kilekile: slaidi chache zinazoeleza tatizo, suluhisho, soko na gharama, kisha dakika chache za kuzitetea mbele ya majaji. Kwa kuwa waandaaji wameshapanga mambo hayo manne, timu nyingi huona kwamba kazi iliyobaki ni kujaza nafasi. Hata hivyo, kabla ya slaidi ya kwanza kuna uamuzi mmoja unaobadilisha kila kitakachofuata, nao ni mahali hesabu zinapoanzia. Zinaweza kuanzia juu, kwenye takwimu za dunia na za nchi, zikashuka hadi kwa mteja. Au zinaweza kuanzia chini, kwenye mzigo mmoja wa mteja mmoja, zikapanda hadi kwenye soko. La kwanza nitaliita wasilisho la takwimu, na la pili wasilisho la safari moja, kwa sababu ambayo mfano utaionyesha.

Nitayalinganisha kwa wazo moja la biashara ili tofauti itokane na namna ya kuliwasilisha peke yake. Tuseme kuna timu ya wanafunzi wa chuo inayotaka kununua kreti za plastiki na kuzikodisha kwa wafanyabiashara wanaosafirisha nyanya kutoka Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kwenda masoko ya Dar es Salaam. Timu yenyewe ni ya kubuni, na bei pamoja na vipimo vyake nimeviweka kwa ajili ya kufanyia hesabu tu. Timu halisi italazimika kuweka vile ilivyovipima. Njia ya nyanya ndiyo halisi: mzigo hupakiwa kwenye matenga ya mbao au ya mianzi, hupangwa kwenye Fuso, hupita Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro, na hufika sokoni usiku au alfajiri, nyanya za chini zikiwa zimebeba uzito wa zilizo juu yake kwa zaidi ya kilomita 400.

Tatizo

Slaidi ya tatizo katika wasilisho la takwimu huandikika kwa urahisi. Timu hutafuta taarifa ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ya mwaka 2011, inachukua sentensi isemayo kwamba takriban theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya binadamu hupotea au kutupwa, yaani kama tani bilioni 1.3 kwa mwaka, na kuiweka kwa herufi kubwa juu ya picha ya nyanya zilizooza. Takwimu hiyo ni ya kweli, ila haielezi tatizo ambalo kreti inalitatua. Theluthi ile inajumlisha kila kitu kuanzia shambani hadi mezani, pamoja na chakula kinachotupwa majumbani na madukani katika nchi tajiri, mahali ambapo kreti ya Ilula haifiki. FAO hiyohiyo ilipotoa makadirio mapya mwaka 2019, ikihesabu tu kile kinachopotea baada ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja, ilipata takriban asilimia 14. Jaji anayejua tofauti hiyo atauliza swali moja: "Katika theluthi hii, kreti zenu zinagusa sehemu gani?" Timu iliyoanzia juu haina jibu, kwa kuwa haijawahi kupima kipande chake.

Wasilisho la safari moja huanza na mfanyabiashara mmoja mwenye matenga 50, kila moja likiwa na kilo 40 za nyanya alizozilipia, jumla kilo 2,000. Timu inapima uzito Ilula kabla ya kupakia, inasafiri na mzigo, na inapima tena sokoni baada ya kutenganisha mafungu matatu: nyanya nzima, zilizopondeka ambazo bado zinauzika kama masalo, na za kutupa. Ili kipimo kiwe cha haki, matenga na kreti chache za kuazima hupanda gari moja siku moja, na kila aina huwekwa chini na juu ya mzigo. Kreti zikiwekwa zote juu na matenga yote chini, kinachopimwa ni nafasi kwenye gari na si chombo, na jaji yeyote aliyewahi kufanya utafiti ataliona hilo mara moja.

Tuseme kipimo kinaonyesha kwamba asilimia 12 ya nyanya za kwenye matenga, yaani kilo 240, zimepondeka, na kwamba kwenye kreti zimepondeka asilimia 4, yaani kilo 80 kwa mzigo wa ukubwa huohuo. Nyanya nzima inauzwa shilingi 1,000 kwa kilo na masalo shilingi 300, hivyo kila kilo inayopondeka inamgharimu mfanyabiashara shilingi 700. Kwa matenga anapoteza shilingi 168,000 kwa safari, na kwa kreti atapoteza 56,000. Slaidi ya tatizo sasa inasema jambo moja ambalo mtu anaweza kulikagua: mfanyabiashara wa matenga 50 anaacha shilingi 168,000 barabarani kila safari.

Lakini kazi kubwa ya njia hii huonekana timu inapotazama jambo ambalo haikulitafuta. Ilula, kama kwingineko, nyanya hununuliwa kwa tenga na si kwa kilo, na tenga hujazwa likaota kilima juu, ile lumbesa ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita kwa miaka mingi. Tuseme kilima hicho ni kilo 3 kwa kila tenga ambazo mkulima halipwi. Kwa matenga 50 ni kilo 150 za bure. Hata theluthi yake ikipondeka, kilo 100 zinazobaki nzima zinamwingizia mfanyabiashara shilingi 100,000. Kreti ya plastiki haikubali kilima, kwa sababu kreti ya juu hukaa juu ya kingo za ile ya chini na chochote kinachozidi kingo kinasagwa. Kwa maneno mengine, chombo kinachookoa nyanya za mfanyabiashara ndicho pia kinachomnyang'anya lumbesa yake.

Wasilisho la takwimu haliwezi kugundua jambo hili hata likiongezewa vyanzo kumi, kwa kuwa hakuna ripoti ya dunia inayoeleza nani anafaidika na tatizo linalotajwa kuwa la wote. Kwa upande wa tatizo, basi, sioni ushindani kati ya njia hizi mbili.

Suluhisho

Hapa tofauti ni ndogo zaidi. Timu zote mbili zitaonyesha picha ya kreti, na zote zitaeleza kwamba ina matundu ya hewa, ina kina kifupi kinachopunguza uzito unaolalia nyanya za chini, haina misumari wala vijiti vya kuchoma, na inaoshwa. Timu ya takwimu huwa na kishawishi cha kuongeza programu ya simu ya kufuatilia kreti, kwa kuwa slaidi ya plastiki peke yake inaonekana kavu. Mara nyingi programu hiyo ndiyo inayokula dakika za uwasilishaji, na majaji huishia kuuliza kuhusu simu badala ya kreti.

Timu ya safari moja inalazimika kueleza mzunguko: kreti inatoka stoo ya Ilula, inajazwa shambani au kituo cha kukusanyia, inafika Dar es Salaam, inamwagwa, inakusanywa na wakala wa timu sokoni, inarudi Ilula tupu, inaoshwa, inasubiri mteja mwingine. Kwenye mzunguko huo kuna uchaguzi wa kiufundi ambao ni vizuri uonekane kwenye slaidi, nao ni aina ya kreti. Zipo zinazopangana tu zikiwa zimejaa au tupu, na zipo zinazoingiliana zikiwa tupu, moja ndani ya nyingine, zikachukua nafasi ndogo kwenye gari la kurudi. Hizi za pili huhitaji uangalifu zaidi wakati wa kupanga, kwa kuwa ukizigeuza vibaya zinaingia badala ya kukaa juu na kuponda mzigo, lakini kwa biashara ya kukodisha, gharama ya kurudi ndiyo inayoamua.

Timu hiyo pia inalazimika kurudi kwenye lumbesa na kuamua mteja wake ni nani. Tuangalie hesabu ya mfanyabiashara yule. Leo anapoteza shilingi 168,000 kwa nyanya zilizopondeka, na ananunua matenga 50 kwa shilingi 2,000 kila moja ambayo huyaacha sokoni, jumla shilingi 268,000. Akikodi kreti 100 za kilo 20 kwa shilingi 1,200 kila moja atalipa 120,000, na akiongeza hasara ya 56,000 itakuwa 176,000. Anaokoa shilingi 92,000, lakini anapoteza lumbesa ya shilingi 100,000 au zaidi. Hatakodi, na atakuwa amepiga hesabu sahihi. Suluhisho linabaki lilelile. Anayebadilika ni mteja: timu iwafuate wanunuzi ambao tayari wananunua kwa kilo, kama wazabuni wanaopeleka vyakula kwenye shule na hoteli, maduka makubwa, na vikundi vya wakulima vinavyouza moja kwa moja mjini. Kwao lumbesa haipo, kwa hiyo shilingi 92,000 zinabaki kuwa faida halisi.

Soko

Slaidi ya soko ndiyo inayovuta timu nyingi kwenye njia ya takwimu, kwa sababu namba hutoka kubwa na za kupendeza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Timu inakadiria kwamba kila mmoja anatumia shilingi 100 za nyanya kwa siku, inazidisha kwa siku 365, na inapata shilingi trilioni 2.25 kwa mwaka. Kisha inakuja sentensi ambayo majaji wameisikia mpaka wameizoea: "Tukipata asilimia 1 tu ya soko hili." Asilimia 1 ni shilingi bilioni 22.5.

Kasoro ya kwanza ni kwamba hilo ni soko la nyanya, na timu haiuzi nyanya. Inauza huduma ya chombo kwa safari moja, ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya nyanya, na si nyanya zote zinazosafiri mbali kiasi cha kuhitaji chombo cha kukodi. Kasoro ya pili huonekana ukiiweka slaidi ya soko ubavuni mwa slaidi ya gharama. Timu inaomba fedha za kununua kreti 300. Kreti moja ikizunguka mara 5 kwa mwezi, kreti 300 zinafanya safari 1,500, na kwa shilingi 1,200 kwa safari zinaingiza shilingi 1,800,000 kwa mwezi, yaani milioni 21.6 kwa mwaka. Slaidi moja inaahidi bilioni 22.5 na inayofuata inanunua uwezo wa milioni 21.6, tofauti ni zaidi ya mara elfu moja. Jaji hahitaji kujua lolote kuhusu nyanya ili aione, kwani kugawanya namba moja kwa nyingine kunamtosha.

Timu ya safari moja inahesabu wateja kwa kuwaona. Baada ya kubadilisha mteja, inakaa kwenye vituo vya kukusanyia na kuuliza nani ananunua kwa kilo, mara ngapi kwa wiki, mzigo wa kiasi gani. Tuseme inapata wanunuzi 12, kila mmoja akisafirisha mara 2 kwa wiki mzigo wa kreti 60. Hizo ni safari za kreti 1,440 kwa wiki, au takriban 6,240 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 1,200 soko hilo lina thamani ya karibu shilingi milioni 90 kwa mwaka, na kreti 300 za timu zinaweza kulihudumia kwa takriban robo. Kila namba katika mnyororo huo ina mtu nyuma yake, na jaji akiuliza "wanunuzi 12 mmewapataje?" jibu lipo.

Hata hivyo, hapa njia ya safari moja ina udhaifu wa kweli ambao haufai kufunikwa. Shilingi milioni 90 ni soko dogo. Kuna mashindano ambayo yanatafuta biashara ya kijiji au ya wilaya iweze kujiendesha, na huko milioni 90 zinatosha kabisa. Yapo mengine, kama Hult Prize, ambalo mshindi wake hupewa mtaji wa hadi dola milioni 1, ambako jaji anatafuta wazo linaloweza kuvuka mipaka ya nchi. Kwa jaji huyo, soko la wanunuzi 12 wa Ilula ni jaribio, bado si biashara. Timu inayokwenda huko na wasilisho la safari moja tupu itasifiwa kwa hesabu zake na kuachwa kwenye mchujo.

Tiba yake si kurudi kwenye asilimia 1. Ni kuonyesha mahali pengine ambapo safari yenye umbo hilohilo inafanyika: mboga zinazoshuka kutoka Lushoto, au nyanya za Mwea katika kaunti ya Kirinyaga zinazokwenda Nairobi. Kwa kila njia timu iandike mambo matatu tu, yaani umbali, chombo kinachotumika sasa, na kama wanunuzi wananunua kwa kilo au kwa ujazo. Hilo la tatu ndilo linaloonyesha kwamba timu imejifunza kitu Ilula na haijazidisha tu namba. Ramani ndogo yenye njia tatu zilizochunguzwa hivyo huwa na uzito kuliko ile miduara mitatu ya soko ambayo kila timu huichora, wa nje ukiwa na trilioni na wa ndani ukiwa umekadiriwa kwa macho.

Gharama

Slaidi ya gharama ya timu ya takwimu kwa kawaida ni orodha ya manunuzi. Kreti 300 kwa shilingi 15,000 ni 4,500,000. Kompyuta mpakato 2,000,000. Programu ya simu 3,000,000. Matangazo 1,500,000. Dharura asilimia 10, yaani 1,100,000. Jumla shilingi 12,100,000. Orodha imejumlishwa sawasawa, lakini inajibu swali la mhasibu wa ruzuku, ambaye anataka kujua fedha zitanunua nini. Jaji wa biashara anauliza kitu kingine: kreti moja ikienda na kurudi, inabakiza shilingi ngapi? Orodha ya manunuzi haiwezi kumjibu.

Kwa timu ya safari moja, gharama hufuata mzunguko ule ule ulioelezwa kwenye suluhisho, na ndipo gharama zilizokuwa zimejificha zinajitokeza. Kubwa kati ya hizo si usafiri wala maji ya kuoshea, ni kreti zisizorudi. Kreti ya plastiki ni chombo kizuri sokoni: inakaliwa, inabebea ndizi, inahifadhia vitunguu. Kreti 3 zikipotea katika kila 100 kwa safari, kila safari ya kreti inabeba asilimia 3 ya shilingi 15,000, yaani shilingi 450, ambayo ni zaidi ya theluthi ya kodi yote. Timu inayoahidi kwamba kreti "itadumu miaka mitano" inazungumzia plastiki. Kwa kiwango hicho cha upotevu, baada ya mwaka mmoja wa safari 60 kreti nyingi za mwanzo zitakuwa hazipo, hata kama hakuna iliyopasuka.

Dawa ya upotevu ni ile inayotumika kwenye soda: unaacha amana au unarudisha kreti yenye chupa tupu ndipo unapewa nyingine. Mnunuzi anaweka amana ya kreti anazochukua, na timu inamrudishia au inaihamishia kwenye mzigo unaofuata. Tuseme hatua hiyo inashusha upotevu hadi kreti 1 katika 100. Hesabu ya safari moja ya kreti moja inakuwa hivi, kwa shilingi:

| | Bila amana | Kwa amana |
|---|---|---|
| Kodi anayolipa mteja | 1,200 | 1,200 |
| Usafiri wa kurudi tupu | 250 | 250 |
| Kuosha | 100 | 100 |
| Wakala wa kukusanya sokoni | 150 | 150 |
| Kreti zinazopotea | 450 | 150 |
| Kinachobaki | 250 | 550 |

Jedwali hilo dogo ni slaidi nzima, na sidhani kama linahitaji kitu kingine zaidi ya mstari mmoja chini yake. Kwa safari 1,500 kwa mwezi, bila amana zinabaki shilingi 375,000. Kwa amana zinabaki 825,000. Kama pango la stoo, mishahara na mawasiliano vinakula shilingi 600,000 kila mwezi bila kujali idadi ya safari, basi biashara ileile ina hasara ya 225,000 kwa mwezi au faida ya 225,000 kwa mwezi, na kinachoitofautisha ni sharti la amana. Timu iliyoonyesha hili imempa jaji sababu ya kuamini kwamba inajua wapi pa kushika.

Kutoka hapo maswali mengine ya gharama yanajibika bila kubahatisha. Ili kulipia shilingi 600,000 za kila mwezi, zinahitajika safari 1,091 kwa mwezi, yaani kila kreti izunguke karibu mara 3.6. Mzunguko wa siku 6 unaipa mara 5, kwa hiyo kuna nafasi ya kupumua. Mzunguko ukirefuka hadi siku 9, kwa sababu ya foleni sokoni au gari la kurudi kukosekana, kreti 300 zinafanya safari 1,000 tu na biashara inaingia kwenye hasara hata amana ikiwepo. Jaji akiuliza ni kitu gani kitawaua, jibu si "ushindani", ni siku ambazo kreti tupu zinalala Dar es Salaam. Na shilingi 4,500,000 za kreti zinarudi baada ya miezi 20, kama kila mwezi ungekuwa mwezi mzuri. Nyanya zina misimu, kwa hiyo timu makini itaweka miezi kadhaa ya safari chache na kukiri kwamba muda utakuwa mrefu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo timu za safari moja huliacha na timu za takwimu hulikumbuka, nalo ni gharama za kuanza zisizo na uhusiano na safari: usajili wa biashara, leseni, mwezi wa kwanza wa stoo kabla ya mteja kufika, na fedha za kuzungusha wakati mnunuzi wa shule au hoteli anachelewa kulipa. Wazabuni wenyewe mara nyingi hulipwa kwa kuchelewa, na ucheleweshaji huo utashuka hadi kwa timu. Orodha ya manunuzi, pamoja na ukavu wake, ina mahali pa kuviweka vitu hivyo. Kwa hiyo nisingeitupa. Ningeifupisha, nikaondoa programu ya simu na matangazo, na kuiweka baada ya jedwali la safari, ikionyesha kiasi kinachoombwa na kitakwenda wapi.

Mbele ya majaji

Kwa muonekano, wasilisho la takwimu hushinda kwa mbali. Namba kubwa hukaa vizuri kwenye ukuta, na msemaji anaweza kuzisoma kwa kujiamini. Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani, alipendekeza slaidi 10, dakika 20 na herufi zisizopungua pointi 30, na timu ya takwimu hufuata kanuni hiyo bila taabu. Timu ya safari moja ina hatari ya kuwazika majaji kwa hesabu, hasa ikiwa na dakika 5 tu. Inalazimika kuchagua namba chache: 168,000 zinazopotea, 1,200 za kodi, 550 zinazobaki, siku 6 za mzunguko. Nyingine zote zinakaa kwenye slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho, zikisubiri swali.

Muda wa maswali ndipo meza inapogeuka. Swali la jaji kwa timu ya takwimu karibu kila mara linahusu chanzo cha namba, na jibu ni jina la taarifa. Kwa timu ya safari moja swali linahusu uamuzi: kwa nini amana, kwa nini si wafanyabiashara wa matenga, itakuwaje mwenye gari akitoza kwa idadi ya vyombo badala ya uzito. Hilo la mwisho ni la kujiandaa nalo mapema. Mwenye Fuso aliyezoea kutoza kwa tenga anaweza kuihesabu kreti ya kilo 20 kama tenga zima, na hapo nauli ya mteja inakuwa mara mbili na shilingi 92,000 zote zinayeyuka.

Lipi uchague

Jambo la kwanza la kuangalia ni fomu ya alama, kama waandaaji wameitoa. Pale ambapo mchujo wa awali unafanywa kwa kusoma slaidi mtandaoni bila timu kuwepo, na ukubwa wa soko una alama zake peke yake, wasilisho lisilo na namba yoyote ya juu litapoteza alama hizo hata likiwa na hesabu nzuri. Hapo weka takwimu moja ya nchi au ya dunia kwenye slaidi ya tatizo, ile inayogusa kipande chako kwa karibu zaidi, kama asilimia 14 ya FAO badala ya theluthi, na mara moja chini yake weka kipimo chako mwenyewe. Pale ambapo kuna maswali ya ana kwa ana, anza na safari moja, na ikibidi takwimu kubwa isiwepo kabisa.

Jambo la pili ni muda mlionao. Wasilisho la takwimu huandikwa kwa jioni mbili. La safari moja linahitaji angalau safari moja ya kweli, mizani, na mfanyabiashara aliyekubali mzigo wake utenganishwe mbele ya wanafunzi, jambo ambalo si jepesi saa kumi alfajiri sokoni wakati wanunuzi wamesimama wakisubiri. Kama shindano ni wiki ijayo na hakuna kilichopimwa, kujifanya mmepima ni kosa kubwa kuliko kutopima. Andikeni la takwimu, lakini jengeni slaidi ya gharama kwa safari moja ya kreti kwa makadirio yaliyoandikwa wazi kuwa ni makadirio, na mseme mtayapima lini na kwa njia gani.

Kama muda upo, ushauri wangu hauna utata: jengeni la safari moja lote, kuanzia mzigo wa kwanza hadi jedwali la gharama, ndipo mtafute takwimu mbili au tatu za juu za kuliwekea mipaka. Kufanya kinyume chake huwa hakufanikiwi, kwa sababu timu iliyokwisha kuandika trilioni 2.25 kwenye slaidi ya nne hujikuta ikiitetea, na haimwoni tena mfanyabiashara mwenye lumbesa hata akiwa amesimama mbele yake.